Sufuria ya Maharagwe Usiku Kucha: Kupoza, Kuhifadhi na Kupasha Chakula Hotelini

Wakazi wengi wa Kisii na Nyamira hula chakula cha mchana hotelini, hasa siku za soko. Chakula hicho mara nyingi huwa kimeiva vizuri, lakini chakula kilichoiva kinaweza bado kumlaza mtu hospitalini. Hatari kubwa huanza baada ya sufuria kuepuliwa, hasa usiku, wakati mabaki yanawekwa kwa ajili ya kesho.

Chukua mfano wa hoteli yenye shughuli nyingi pale Keroka. Saa mbili usiku wateja wamepungua, na sufuria ya maharagwe yaliyoungwa ina lita 20 zilizobaki. Mpishi anaifunika, anaiacha mezani ipoe, na kuondoka. Saa kumi na moja alfajiri sufuria kwa nje ni baridi, lakini katikati maharagwe bado ni vuguvugu. Yanachemshwa tena na kuuzwa. Yakichemka, kila mtu hudhani yako salama.

Kinachotokea usiku

Baadhi ya bakteria wanaopatikana kwenye udongo, nafaka na nyama hutengeneza mbegu ngumu zinazoitwa spora. Kuchemsha huua bakteria wenyewe, lakini spora hustahimili. Chakula kinapopoa chini ya nyuzijoto 60, spora huamka na bakteria huanza kuongezeka, na huongezeka kwa kasi zaidi chakula kikiwa vuguvugu. Tuseme bakteria mmoja hugawanyika mara mbili kila dakika 20. Baada ya saa tano atakuwa amezaa zaidi ya 32,000. Wapo wanaoongezeka kwa kasi kuliko hiyo.

Sufuria ya lita 20 hupoa polepole kwa sababu joto la katikati lina safari ndefu kufika nje. Maharagwe, uji na mchuzi mzito ni vibaya zaidi kuliko supu, kwa kuwa havizunguki vyenyewe ndani ya sufuria.

Kupoza: saa mbili, kisha saa nne

Kanuni inayotumika sana katika majiko ya biashara ni hii: chakula kitoke nyuzijoto 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha kifike 5 au chini yake ndani ya saa nne zinazofuata. Hatua ya kwanza ndiyo yenye haraka, kwa sababu humo ndimo bakteria huongezeka kwa kasi zaidi.

Turudi Keroka. Maharagwe yale yakiwa bado ya moto, mpishi anayagawanya katika trei nne za chuma, lita tano kila moja, kina kisizidi sentimita 5. Trei zinawekwa juu ya karai zenye maji baridi, na maharagwe yanakorogwa kila dakika kumi kwa kijiko safi. Maji yakipata joto yanabadilishwa. Maji ya bomba pekee hayana baridi ya kutosha kumalizia kazi, hivyo chupa za plastiki zilizojazwa maji na kugandishwa kwenye friza huongezwa ndani ya karai. Kufikia saa nne usiku kipimajoto kinapaswa kuonyesha 21 au chini yake katikati ya kila trei.

Hapo trei huingia kwenye friji, zikiwa zimeachana ili hewa ipite, wala hazipangwi moja juu ya nyingine. Hufunikwa kabisa zikishapoa. Sufuria nzima ya moto haiwekwi kwenye friji, kwani huipasha joto na kuharibu maziwa na nyama vilivyomo. Kabla ya kutegemea utaratibu huu, mwenye hoteli ajaribu usiku mmoja: apime saa nane usiku kama trei zimefika 5. Zikikosa, kina kipunguzwe au friji ichunguzwe.

Umeme ukipotea

Friji ikifungwa vizuri bila kufunguliwa hubaki baridi kwa takriban saa nne. Mfanyakazi aandike saa umeme ulipopotea na uliporudi. Ukipotea usiku bila mtu kuona, kuna mbinu rahisi: gandisha kikombe cha maji kwenye friza, weka sarafu juu ya barafu, kisha kiache humo. Sarafu ikikutwa imezama chini, barafu iliyeyuka hata kama sasa imeganda tena.

Chakula kilichopikwa ambacho kimekaa juu ya nyuzijoto 5 kwa zaidi ya saa mbili, au ambacho hakuna anayejua kilikaa muda gani, hutupwa. Kukinusa hakusaidii, kwa sababu bakteria hawa hawalazimiki kubadilisha harufu wala ladha. Hoteli isiyo na friji ya kutegemewa ipike kidogo mara mbili kwa siku, isiache mabaki ya kulala.

Kupasha si dawa ya kila kitu

Chakula baridi hupashwa mara moja tu, haraka, hadi katikati kifike nyuzijoto 75. Maharagwe hutolewa trei moja moja kadiri ya wateja, yakakorogwa kwenye moto mkali. Sufuria kubwa kuwekwa kando ya makaa ipate joto taratibu ni kuwapa bakteria asubuhi nzima ya kuongezeka.

Wali na pilau vina hatari yao. Aina moja ya bakteria wa nafaka hutoa sumu ndani ya wali uliokaa vuguvugu, na sumu hiyo haiharibiwi na kuchemsha. Mteja anaweza kutapika baada ya saa moja hadi sita, ingawa wali ulikuwa unatoa mvuke. Wali uliolala mezani usipashwe. Utupwe.

Wakati wa kuuza

Chakula cha moto kibaki nyuzijoto 60 au zaidi hadi kiishe. Pima katikati, mbali na makaa, kila baada ya saa moja. Hotpoti huhifadhi joto lakini haitoi joto, kwa hiyo chakula kiingie kikiwa kinatoa mvuke. Kabati la kioo lenye balbu huwafaa mandazi, si mchuzi. Mchuzi mpya usimiminwe juu ya wa zamani: maliza sufuria moja, ioshe, ndipo ulete nyingine.

Kukagua kipimajoto

Kipimajoto kisicho sahihi hudanganya jiko zima. Kiweke kwenye kikombe kilichojaa barafu iliyopondwa na maji kidogo, koroga, subiri. Kinapaswa kusoma 0. Kwenye maji yanayochemka, mwenye hoteli asitarajie 100: kwa kuwa Kisii iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzijoto 94. Nyamira mjini, ambako ni juu zaidi, huchemka chini kidogo ya hapo. Kipimajoto kinachosoma 100 huku kwetu hakiaminiki.

Karatasi moja ukutani inatosha kuweka kumbukumbu: jina la chakula, saa kilipoepuliwa, joto baada ya saa mbili, joto asubuhi, na jina la aliyepima. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inawaruhusu maafisa kukagua na kutwaa chakula kisichofaa kuliwa. Mteja aliyeumwa na tumbo au kuharisha baada ya kula hotelini aende kituo cha afya na aeleze alikula nini, wapi na saa ngapi. Maelezo hayo humsaidia afisa wa afya ya umma kuifikia sufuria kabla wateja wengine hawajaandaliwa.