Uchovu wa Kuamua katika Zahanati ya Kijijini: Kwa Nini Mtoto wa Mwisho kwenye Foleni Huenda Asihesabiwe Pumzi

Makala hii inafafanua dhana ya uchovu wa kuamua kwa kuitazama mahali ambapo madhara yake yanaweza kupimika, yaani katika chumba cha tabibu wa zahanati. Kwa uchovu wa kuamua tunamaanisha mwelekeo wa mtu aliyekwisha kufanya maamuzi mengi mfululizo kuangukia uamuzi ulio mwepesi zaidi kwake, hata pale anapofahamu ulio bora. Hoja yetu ni kwamba kupunguza machaguo madogo ya kila siku hulinda fikra za alasiri kwa sharti moja: njia nyepesi inayobaki baada ya kupunguza iwe ndiyo njia sahihi.

Maelezo yaliyozoeleka husema kwamba utashi ni kama akiba ya nguvu inayopungua kila mtu anapochagua. Maelezo hayo yamedhoofika. Mwaka 2016, maabara 23 zilirudia kwa pamoja jaribio la aina hiyo kwa washiriki zaidi ya 2,000, na tofauti iliyopatikana ilikaribia sifuri. Ushahidi unaosimama vizuri zaidi unatoka kazini. Mwaka 2014, Jeffrey Linder na wenzake walichapisha uchambuzi wa mahudhurio 21,867 ya wagonjwa wazima wenye maambukizi ya njia ya hewa nchini Marekani. Walibaini kwamba kadiri kipindi cha kazi kilivyoendelea, ndivyo madaktari walivyozidi kuandika antibiotiki. Katika saa ya nne, uwiano wa uwezekano wa kuandikiwa dawa hizo ulizidi ule wa saa ya kwanza kwa asilimia 26. Mwenendo huo ulianza upya katika kipindi cha alasiri. Kwa hiyo jambo la kuangaliwa si jua kupita utosi, bali urefu wa kazi isiyo na mapumziko.

Kwa nini antibiotiki? Kwa sababu kuandika dawa ni kwepesi kuliko kumweleza mgonjwa kwa nini haihitaji. Daktari hakusahau elimu yake, bali aliegemea upande ulioteremka.

Tuhamishe hoja hii hadi kata ya Magindu, Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha, kwenye Reli ya Kati, ambako wakulima na wafugaji huweza kutoka mbali kufuata huduma. Mfano unaofuata ni wa kielelezo. Hauisemi zahanati yoyote mahususi. Tuchukulie tabibu mmoja na muuguzi mmoja, wagonjwa 40 kwa siku, na saa za kazi kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Miongoni mwa wagonjwa hao, 12 ni watoto wa chini ya miaka mitano wenye kikohozi.

Mwongozo wa kumhudumia mtoto mgonjwa unataka kila mtoto mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni upumuaji wa kasi, na kwa mwenye miezi 12 hadi miaka mitano, kiwango ni 40 au zaidi. Upumuaji wa kasi ni dalili ya nimonia, nayo hutibiwa kwa amoksisilini. Asiye na kasi, kifua kinachobonyea ndani wala dalili ya hatari, kwa kawaida ana mafua na kikohozi tu, na hahitaji antibiotiki.

Kwa watoto 12, kazi hiyo inachukua dakika 12 kwa siku nzima. Muda pekee, basi, hautoshi kueleza kwa nini inarukwa. Ugumu uko kwingine: kwa kila mtoto tabibu anaamua upya kama ahesabu au asihesabu, saa yenye mshale wa sekunde iko wapi, amsubiri mtoto anyamaze au aendelee. Katikati ya hayo anaulizwa ni dawa gani imekwisha, nani aingie kwanza, na lini atakula. Ifikapo saa 8 mchana, mtoto analia na mama ana safari ndefu. Kuandika amoksisilini bila kuhesabu kunamaliza maswali yote kwa mara moja. Aidha, tabibu asiyependa kuandika dawa anaweza kukosea kinyume chake, akamrudisha nyumbani mtoto mwenye nimonia.

Tiba inayofuata kutokana na maelezo haya ni kuhamisha uamuzi. Muuguzi anayempima mtoto uzito na joto ndiye ahesabu pumzi za kila mwenye kikohozi na kuandika idadi kwenye karatasi yake kabla hajaingia kwa tabibu. Saa ifungwe mezani pake isihame. Orodha ya dawa zilizopo iandikwe asubuhi na kubandikwa mbele ya tabibu, na saa ya chakula iwekwe na kuheshimiwa. Tabibu sasa anapokea namba. Kinachobaki kwake ni kile kinachohitaji fikra, yaani kutazama kifua, kupima maelezo ya mama na kuamua nani apewe rufaa.

Je, mtafiti atajuaje kama utaratibu umefaa? Hapa lipo funzo kutokana na utafiti wa Shai Danziger na wenzake wa mwaka 2011 kuhusu maombi ya msamaha wa kifungo nchini Israeli. Walionesha kwamba maombi yaliyokubaliwa yalipungua kutoka takribani asilimia 65 hadi karibu sifuri kabla ya mapumziko. Wakosoaji wakaeleza kwamba wafungwa wasio na mawakili walielekea kusikilizwa mwishoni mwa kikao. Hata Magindu, wa mwisho kwenye foleni huenda ndiye aliyetoka mbali zaidi, na ugonjwa wake ukawa tofauti. Kwa hiyo kulinganisha dawa za asubuhi na za alasiri hakutoshi. Tulinganishe hatua inayomstahiki kila mtoto mwenye kikohozi bila kujali ukali wa ugonjwa: je, pumzi zilihesabiwa?

Namba za mfululizo katika rejesta ya wagonjwa wa nje huonesha mpangilio wa siku. Kwa siku 20, zichukuliwe karatasi za watoto watano wa kwanza na watano wa mwisho wenye kikohozi, zipatikane 100 kwa kila kundi. Tuseme waliohesabiwa ni 80 asubuhi na 45 mwishoni. Baada ya mabadiliko, pengo likizibwa kwa kundi la mwisho kupanda, utaratibu umefaa. Makundi yote mawili yakishuka, tatizo si uchovu: pengine saa imeharibika au muuguzi hayupo. Zitazamwe pia namba zenyewe. Zikirundikana kwenye 30 na 40, yaelekea zimekisiwa, na zikiwa karibu zote zinagawanyika kwa nne, basi alihesabu robo dakika akazidisha.

Utaratibu huu una mpaka. Mtoto anayedegedeka, asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu au aliyelegea au kupoteza fahamu hapaswi kungoja foleni wala karatasi. Vilevile, uamuzi uliohamishiwa kwa muuguzi unaweza kumchosha yeye, hasa akiwa pia ndiye anayechanja na kuzalisha. Kwa sababu hiyo, anayepima utaratibu wa aina hii anapaswa kuhesabu maamuzi ya watu wote wawili, asije akatangaza mafanikio ilhali mzigo umevuka tu kutoka meza moja hadi nyingine.