Mstari Umelala: Leba Imekwama Wapi?

Mwanafunzi wa ukunga anapewa karatasi tupu ya patografu, penseli, na taarifa za mama mmoja aliyekaa leba saa 8. Achore alichoambiwa, kisha ajibu maswali manne. Zoezi hili nimelisahihisha mara nyingi. Kuchora hakuwasumbui sana wanafunzi. Linalowasumbua ni swali la tatu, na kosa linalofanyika hapo ndilo linaloweza kumuumiza mama wodini. Leo nalileta kwako msomaji, pamoja na majibu yake, maana huhitaji kuwa mkunga ili ulielewe.

Kwanza tuifahamu karatasi yenyewe. Juu kabisa huandikwa habari za mtoto: mapigo ya moyo wake, hali ya maji ya chupa, na jinsi mifupa ya kichwa chake inavyobanana. Chini huandikwa habari za mama: uchungu, dawa alizopewa, mapigo ya moyo, presha, joto na mkojo. Katikati ndipo palipo na grafu. Mkunga huweka alama ya X kuonyesha njia imefunguka sentimita ngapi, na duara kuonyesha kichwa kimeshuka kiasi gani.

Grafu hiyo ina mistari miwili ya mshazari iliyochapwa tayari. Mistari hii ilitokana na kazi ya Philpott na Castle, iliyochapishwa mwaka 1972 kutoka mji ambao leo unaitwa Harare. Kule wakunga wa zahanati za mbali walihitaji kujua ni lini mama apelekwe hospitali kubwa kabla hajachelewa. Mstari wa kwanza ni wa tahadhari. Katika karatasi iliyoenea tangu mwaka 2000, unaanzia sentimita 4 na kupanda sentimita 1 kila saa hadi 10. Mstari wa pili, wa kuchukua hatua, uko saa 4 kulia kwake. Hizo saa 4 katikati ndizo za kufikiri, kumwita mkubwa wako, na kusafiri.

Zoezi

Mama ana miaka 20, mimba ya kwanza, imetimia. Amefika kituo cha afya kisicho na chumba cha upasuaji. Hospitali ya rufaa iko mwendo wa saa 2 kwa gari.

Saa 2 asubuhi: njia imefunguka sentimita 4. Kichwa kinapapaswa tumboni mafungu manne kati ya matano. Anapata uchungu mara 3 katika dakika 10, kila mmoja sekunde 30. Chupa haijapasuka. Moyo wa mtoto unapiga 140 kwa dakika.

Saa 6 mchana: njia sentimita 6. Kichwa bado mafungu manne kati ya matano. Uchungu mara 4, kila mmoja sekunde 45. Chupa imepasuka, maji ni safi. Mifupa ya kichwa imegusana. Moyo wa mtoto 144.

Saa 10 jioni: njia bado sentimita 6. Kichwa bado mafungu manne. Uchungu mara 5, kila mmoja sekunde 50. Maji yamekuwa mazito ya kijani kwa kinyesi cha mtoto. Mifupa ya kichwa imepandana, na ukiibonyeza kwa kidole haiachani. Moyo wa mtoto 168. Moyo wa mama umepanda kutoka 84 hadi 112, na mkojo wake ni kidogo.

Swali la 1: Ni saa ngapi karatasi ilitoa onyo la kwanza? Swali la 2: Mstari wa kuchukua hatua ulifikiwa saa ngapi? Swali la 3: Leba hii imechelewa kwa sababu uchungu ni hafifu, au kwa sababu njia imezibwa? Swali la 4: Ufanye nini?

Majibu

La kwanza ni saa 6 mchana. Kama njia ingefunguka sentimita 1 kila saa, wakati huo ingekuwa 8. Imefika 6 tu, kwa hiyo X imeanguka kulia kwa mstari wa tahadhari. Hapa tusiharakishe. Kuvuka mstari huu hakumaanishi upasuaji. Akina mama wengi hufunguka polepole kuliko sentimita 1 kwa saa na wakajifungua salama, na ndiyo sababu mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani, uliotoka mwaka 2020, umeuacha mstari huo wa mshazari. Lakini mama huyu yuko saa 2 mbali na chumba cha upasuaji, na kichwa cha mwanawe hakijasogea hata fungu moja. Kwake yeye, saa 6 mchana ndiyo saa ya kupiga simu na kuandaa gari.

La pili huwanasa walio wepesi. Wengi huandika saa 10 jioni, kwa kuwa ndipo alipopimwa tena. Lakini chukua rula. Mstari wa kuchukua hatua unapita sentimita 6 saa 6 baada ya kuanza kuchora, yaani saa 8 mchana. Mama alikuwa amevuka saa 2 nzima bila mtu kujua, kwa sababu mkunga alifuata mazoea ya kupima njia kila baada ya saa 4. Mama akishavuka mstari wa tahadhari, mazoea hayo hayatoshi. Angepimwa tena saa 8.

Sasa la tatu. Kila mara darasani kuna atakayesema: "Mwalimu, njia haifunguki, kwa nini tusimwekee dripu ya uchungu?" Ni swali la haki, kwa kuwa ukitazama X peke yake, mstari umelala tu. Mstari uliolala husema leba imechelewa, wala hausemi kwa nini. Sababu iko katika safu nyingine, na lazima zisomwe pamoja.

Anza na uchungu. Mara 5 katika dakika 10, sekunde 50 kila mmoja: huo ni uchungu wenye nguvu kamili. Mji wa mimba haujachoka, unasukuma sana. Kisha tazama kichwa. Kwa saa 8 hakijashuka. Kisha mifupa. Fuvu la mtoto halijaungana, na mifupa yake husogeleana ili kichwa kipite. Ikigusana ni kawaida. Ikipandana na kutoachana wakati kichwa bado kiko juu ya nyonga, maana yake kinabanwa mahali kisipopita. Nguvu ipo, kichwa hakishuki, mifupa imepandana: mambo haya matatu yakikutana, jibu ni kwamba njia imezibwa. Kijani kwenye maji na moyo unaokimbia ni dalili kwamba mtoto na mama wameanza kuzidiwa.

Ili ulione vizuri, mfikirie mama wa pili mwenye X zilezile kabisa, 4, 6 na 6. Uchungu wake ni mara 2 tu, sekunde 20. Kichwa kimeshuka hadi mafungu matatu, mifupa haijagusana, moyo wa mtoto 140. Mstari wake nao umelala, ila wake umelala kwa kukosa nguvu. Yeye, akiwa hospitali yenye daktari na chumba cha upasuaji, anaweza kusaidiwa kwa dripu ya uchungu. Ukimwekea dripu hiyo mama wa kwanza, unausukuma zaidi mlango uliofungwa. Kwa aliyewahi kuzaa hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mji wa mimba wake huendelea kukaza hadi unaweza kupasuka.

Kuna mtego mmoja hapa unaostahili kuelezwa taratibu. Kichwa kikibanwa muda mrefu, ngozi yake huvimba. Mkunga anayepima kwa vidole ukeni hugusa uvimbe huo ukiwa chini na kudhani kichwa kimeshuka, kumbe mfupa uko palepale. Ndiyo maana kushuka kwa kichwa hupimwa tumboni kwanza, kabla ya kupima njia. Unaweka vidole juu ya mfupa wa kinena na kukadiria ni mafungu mangapi ya kichwa bado yanapapasika. Kama vidole vitano vinahitajika kukifunika, chote kiko juu. Vikitosha viwili, kimeingia kwenye nyonga. Uvimbe hauwezi kuudanganya mkono ulio tumboni.

La nne: saa 10 jioni mama huyu anahitaji upasuaji, na kituo hakina. Apewe dripu ya maji ya kawaida, kwa kuwa amekaukiwa. Alazwe ubavu wa kushoto. Awekewe mpira wa mkojo, apewe antibiotiki kufuatana na mwongozo, na mkunga asafiri naye akiwa na patografu mkononi. Asipewe dripu ya uchungu, na mtu asimkandamize tumbo. Mpira huo wa mkojo wanafunzi huusahau. Kichwa kilichokwama hubana kibofu dhidi ya mfupa wa kinena, damu haifiki, na nyama iliyokosa damu hufa. Siku chache baadaye hutoboka, na mkojo huanza kuvuja bila kukoma. Hiyo ndiyo fistula.

Mwongozo wa 2020 nao ungemwona mama huyu. Wenyewe huanza kuhesabu sentimita 5, na kwa mama aliyefika 6 huruhusu saa 5 kabla ya kutoa onyo la njia kutofunguka. Kwa kipimo hicho pekee, saa 10 jioni onyo lingekuwa halijatoka. Lakini safu ya mifupa iliyopandana, ya maji mazito ya kijani, na ya moyo wa mtoto uliozidi 160, zote tatu zingekuwa zimeshazungushiwa duara. Karatasi imebadilika, namna ya kuisoma ni ileile.

Upungufu mkubwa wa patografu hauko kwenye michoro yake. Hujazwa mara nyingine mtoto akishazaliwa, kwa kumbukumbu, na X zote zikapangwa sawasawa juu ya mstari. Karatasi ya namna hiyo haikumwonya mtu. Ndiyo maana nikisahihisha zoezi hili sianzi na grafu. Naanza na safu ya mifupa ya kichwa na ya kushuka kwake. Mwanafunzi aliyeziacha tupu hana namna ya kulijibu swali la tatu, hata kama X zake zimenyooka vipi.