Sokwe wa Gombe na Tatizo la Kuzaana Ndugu kwa Ndugu

Sokwe waliosalia katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, hawafiki 100, ilhali katika miaka ya 1960 walikadiriwa kufikia 150. Hifadhi hiyo ina takriban kilomita za mraba 35 za nchi kavu, nayo imebanwa kati ya Ziwa Tanganyika na mashamba ya vijiji. Magonjwa na kupotea kwa misitu vimechangia kuwapunguza. Uchache huo nao umezaa tatizo jingine lisiloonekana kwa macho: sokwe anayetafuta mwenza ana uwezekano mkubwa wa kukutana na ndugu yake.

Mfugaji wa mbuzi wa Kata ya Simbo, wilayani Kigoma, hahitaji darasa refu juu ya jambo hili. Beberu mmoja akiachwa apande mabinti zake, kisha wajukuu zake, zizi huanza kudhoofika, na dawa yake ni kutafuta beberu wa kijiji kingine. Sababu ni kwamba kila kiumbe hupokea nakala mbili za kila kinasaba, moja ya mama na moja ya baba. Nakala yenye kasoro mara nyingi hufichwa na mwenzake iliyo nzima. Wazazi wakiwa ndugu, wote wawili wanaweza kuwa wamebeba kasoro ileile, na mtoto akaipokea mara mbili bila ya kuwa na nakala nzima ya kuifunika. Kwa mtoto wa mama na mwanawe wa kumzaa, uwezekano wa nakala zote mbili kutoka kwa mzazi mmoja wa ukoo ni robo katika kila kinasaba.

Madhara yake yalionekana wazi kwa simba wa Kreta ya Ngorongoro. Mwaka 1962 mlipuko wa inzi wanaouma uliwaua simba wengi, wakabaki takriban 10. Madume saba wageni waliingia miaka michache baadaye, na idadi ikapanda tena kupita 100. Hata hivyo, wote walikuwa uzao wa simba wasiozidi 15, na kwa miaka mingi baada ya hapo wageni hawakupata nafasi ya kuzaa humo. Watafiti walipopima mbegu za madume, takriban nusu zilikuwa na maumbile yenye kasoro, ikilinganishwa na robo kwa simba wa Serengeti. Idadi ya wanyama, basi, inaweza kurudi na uzima wa ukoo usirudi.

Sokwe wana kinga yao ya asili. Madume hubaki katika kundi walimozaliwa, na majike wanapopevuka huhamia kundi jingine. Gombe ina makundi matatu tu, Mitumba, Kasekela na Kalande, na katika kundi la Kasekela takriban nusu ya majike hawahami. Vipimo vya vinasaba vilivyochapishwa mwaka 2001 vilionesha kwamba dume mashuhuri, Frodo, aliwahi kuzaa na mama yake, Fifi. Utafiti mwingine, wa mwaka 2017, ulibaini kwamba sokwe hao huelekea kuzaa na wenza wasiofanana nao kinasaba, hata pale ambapo hawakukua pamoja. Uteuzi huo, hata hivyo, unahitaji kuwepo na wa kuteuliwa.

Kwa nini basi wasiletwe sokwe wageni kwa gari, kama beberu wa Simbo? Madume wa sokwe hulinda mipaka yao kwa ukali na huweza kumuua dume mgeni, au mtoto aliyebebwa na jike mgeni. Anayepokewa kwa urahisi zaidi ni jike kijana asiye na mtoto, naye hupigwa na majike wenyeji kabla ya kuzoeleka. Isitoshe, mgeni anaweza kuingia na maradhi katika kundi ambalo tayari ni dogo.

Njia iliyo salama zaidi ni jike huyo aje kwa miguu yake. Wataalamu hutumia kipimo cha angalau mgeni mmoja anayezaa katika kila kizazi, na kizazi cha sokwe ni takriban miaka 25. Mahitaji hayo yanaonekana madogo, lakini jike hawezi kuvuka mashamba matupu kutoka, kwa mfano, Msitu wa Kwitanga ulio mashariki mwa hifadhi. Ndiyo maana mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji, inayoandaliwa chini ya sheria ya mwaka 2007, ina uzito hapa: vijiji kadhaa jirani na Gombe vimetenga misitu yao ya hifadhi ili miti iote tena na kuunganisha mapori yaliyokatika.

Kuonekana kwa jike mgeni peke yake hakutoshi kuthibitisha mafanikio. Watafiti hukusanya kinyesi cha sokwe, hupima vinasaba vilivyomo, na kuhesabu mgeni kuwa amesaidia pale tu mtoto wake anapopatikana akiwa hai ndani ya kundi.