Kripto ya marehemu: njia tatu na gharama zake

Tuseme baba wa watoto watatu, mkazi wa Tanga, ana bitikoini za shilingi milioni 15. Akifariki leo, mkewe atazipataje?

Njia isiyomgharimu kitu akiwa hai ni kuziacha kwenye soko la mtandaoni kama Binance. Gharama huiangukia familia: cheti cha kifo, barua ya usimamizi wa mirathi, vitambulisho. Nyaraka za mahakama ya mwanzo ni za Kiswahili, hivyo soko la nje linaweza kudai tafsiri iliyothibitishwa. Kwanza mke ajue akaunti iko soko gani. Na soko likifilisika, kama FTX mwaka 2022, mrithi hupanga foleni na wadai wengine.

Njia ya pili ni pochi yako mwenyewe kwenye kifaa kama Ledger au Trezor. Vya bei ya chini huuzwa karibu dola 80, bado usafirishaji na ushuru. Kifaa chenyewe kikiungua si hasara kubwa. Kinachorithiwa ni maneno 12, 20 au 24 kinayokupa siku ya kwanza. Mwenye maneno hayo kwa mpangilio wake ndiye mwenye fedha, awe mke au mwizi. Ndiyo maana hayaandikwi kwenye wosia, ambao husomwa na kunakiliwa. Wosia utaje tu kwamba pochi ipo; maneno yakae kwenye bahasha mbili zilizofungwa, mahali pawili tofauti, kila moja ikiwa na maneno yote. Ukiyagawa nusu kwa nusu, bahasha moja ikipotea mali imekwenda.

Wengine huongeza nenosiri la ziada juu ya maneno hayo. Mrithi akikosea herufi moja, kifaa hakimwambii kwamba amekosea. Kinamfungulia pochi nyingine, halali kabisa, lakini tupu. Mjane ataona sifuri na kuamini mumewe hakuacha kitu. Ukilitumia, bahasha itaje kwamba lipo na limehifadhiwa wapi.

Njia ya tatu ni pochi ya funguo tatu ambayo saini mbili zinatosha kutoa fedha. Vifaa vitatu ni kama dola 240. Maneno ya kila kifaa hukaa kwenye bahasha yake, hivyo aliyeiba bahasha moja haambulii kitu. Ila familia inahitaji pia faili la mpangilio wa pochi, lenye funguo za umma zote tatu. Programu ya bure ya Sparrow hulitoa. Bila faili hilo, na ufunguo wa tatu ukiwa umepotea, seti mbili za maneno hazifufui pochi. Nakala yake iwekwe katika kila bahasha.

Kwa milioni 15 ningechagua njia ya pili, bila nenosiri la ziada. Ya tatu ni ya mali kubwa zaidi na familia yenye mtu anayeielewa. Kabla ya kufunga bahasha, tengeneza pochi ya majaribio yenye maneno mengine, weka shilingi elfu kumi, umpe mkeo maelekezo uliyoandika aifungue bila kumsaidia. Akikwama, yaandike upya.