Mchezo wa vipande 15: Kompyuta inavyoitafuta njia fupi kuliko zote

Ni fremu ndogo ya mraba, yenye vipande 15 vilivyoandikwa nambari na nafasi moja tupu. Huruhusiwi kukichomoa kipande; unakisukuma tu kiingie kwenye nafasi tupu, kimoja kwa wakati mmoja, mpaka nambari zipangike kuanzia 1 hadi 15. Mchezo huu ulivuma Marekani mwaka 1880, na anayetambuliwa kuwa aliubuni ni Noyes Palmer Chapman, mkuu wa posta katika mji wa Canastota, jimbo la New York.

Mtu mwenye subira huumaliza bila msaada wa kompyuta. Lakini kuumaliza ni jambo moja, na kuumaliza kwa hatua chache kuliko zote ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili ndilo tunalolieleza hapa, kwa sababu linaonyesha vizuri jinsi kompyuta inavyoweza kutafuta njia bila kupita kila mahali.

Na kupita kila mahali hapa haiwezekani kirahisi. Kutoka kwenye fremu iliyopangwa sawasawa unaweza kufikia mipangilio 10,461,394,944,000, yaani zaidi ya trilioni 10. Mpangilio mgumu kuliko yote unahitaji hatua 80, na ule wa kawaida, uliovurugwa ovyo, unahitaji hatua zipatazo 53.

Hatua zilizopita na hatua zilizobaki

Mwaka 1968 watafiti watatu wa Taasisi ya Utafiti ya Stanford, Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael, walichapisha kanuni ya kutafuta njia inayoitwa A*, ambayo husomwa A-nyota. Ilitokana na kazi ya roboti aliyeitwa Shakey, aliyetakiwa kujitafutia njia chumbani. Kiini chake ni hesabu moja fupi:

```
f = g + h
```

Herufi g ni hatua ulizokwisha kupiga tangu mwanzo. Herufi h ni makadirio ya hatua zilizobaki hadi mwisho. Jumla yake, f, inakuambia safari nzima itakuwa ndefu kiasi gani ukipitia hapo ulipo. Kompyuta inaweka orodha ya mipangilio inayosubiri kuchunguzwa, na kila mara inachukua ule wenye f ndogo kuliko yote.

Swali ni kuipata h. Njia iliyozoeleka ni umbali wa Manhattan, jina linalotokana na mitaa ya Manhattan, New York, ambayo sehemu kubwa imekatwa mistari iliyonyooka. Huko huwezi kukatiza katikati ya majengo. Unahesabu mitaa ya kwenda mbele na mitaa ya kwenda pembeni. Nasi tunafanya hivyo kwa kila kipande: tunahesabu safu na mistari kinayopaswa kuvuka ili kifike kwake, kama kwamba hakuna kipande kingine kinachokizuia, kisha tunajumlisha.

Tuchukue mpangilio huu, alama ya chini ikiwa ndiyo nafasi tupu:

```
 1  2  3  4
 5  _  6  8
 9 10  7 11
13 14 15 12
```

Kipande cha 6 kimekaa nafasi moja kulia kwa mahali pake. Kipande cha 7 kiko nafasi moja chini, cha 11 kiko nafasi moja kulia, na cha 12 kiko nafasi moja chini. Vingine vyote viko kwao. Kwa hiyo h ni 4, na kwa kuwa hatujasogeza kitu, g ni 0 na f ni 4.

Vipande vinavyoweza kuingia kwenye nafasi tupu ni vinne: 2, 5, 6 na 10. Tukikisogeza cha 6 kinarudi kwake, h inashuka hadi 3, g inakuwa 1, na f inabaki 4. Tukisogeza chochote kati ya vile vingine vitatu tunakiondoa kwake: h inapanda hadi 5, na pamoja na hatua moja tuliyopiga f inakuwa 6. Kompyuta haiitupi hiyo mipangilio mitatu. Inaiacha isubiri kwenye orodha na kuendelea na ule wenye f ya 4.

Sasa nafasi tupu iko pale kilipokuwa 6. Tukiacha kukirudisha hicho cha 6, vipande vinavyoweza kusogea ni 3, 7 na 8. Cha 7 kinarudi kwake na f inabaki 4. Viwili vingine vinatoa 6. Hatua ya tatu ni ya kipande cha 11, na ya nne ni ya 12. Tumemaliza kwa hatua nne. Katika kazi hiyo kompyuta imetengeneza mipangilio 12 tu, na minane kati yake haikuguswa tena.

Msomaji makini ameona jambo: f ama ilibaki ilivyokuwa ama iliongezeka kwa 2. Ndivyo ilivyo siku zote katika mchezo huu. Kila hatua inasogeza kipande kimoja kwa nafasi moja, kwa hiyo h inapungua kwa 1 au inaongezeka kwa 1, huku g ikiongezeka kwa 1. Ukiandika programu yako na kuona f ikipanda kwa 1 au ikishuka, ujue kuna kosa mahali unapohesabu umbali.

Kukadiria pungufu si kosa

Kwa nini tuyaamini makadirio yanayojifanya kwamba vipande havizuiani? Kwa sababu yanaweza kukosea kwa upande mmoja tu. Kipande kilicho mbali na kwake kwa nafasi tatu hakiwezi kufika kwa hatua mbili, na hakuna hatua inayosogeza vipande viwili kwa pamoja. Kwa hiyo hatua halisi zinaweza kuwa nyingi kuliko h, lakini haziwezi kuwa chache kuliko h. Hapo ndipo uhakika wa A* unapotoka. Ikimaliza kwa hatua 50, mipangilio yote iliyobaki kwenye orodha ina f ya 50 au zaidi, na f haizidishi kamwe. Hakuna njia ya hatua 48 iliyojificha humo.

Uhakika huo unavunjika kwa kosa dogo linalowapata wengi: kuihesabu nafasi tupu kama kipande. Katika mfano wetu nafasi tupu iko mbali na kona yake kwa nafasi nne. Ukiijumlisha, h inakuwa 8, ilhali kazi yote ni hatua nne. Programu yenye kosa hili haikwami, wala haitoi onyo. Inaleta jibu, tena pengine kwa haraka zaidi, ila huwezi tena kusema kwamba ni jibu fupi kuliko yote. Njia rahisi ya kuligundua ni kuipa mipangilio ambayo umeivuruga mwenyewe kwa hatua mbili tatu, kisha kutazama kama h ya mwanzo inazidi hatua hizo.

Kukadiria pungufu hakuharibu jibu, lakini kuna gharama yake. Tuseme mstari wa juu unasomeka 2, 1, 3, 4. Umbali wa Manhattan unasema vipande 1 na 2 vinahitaji hatua moja kila kimoja, jumla mbili. Lakini haviwezi kupishana ndani ya mstari mmoja. Lazima kimoja kitoke kwenye mstari kiache njia, kisha kirudi, na hizo ni hatua mbili zaidi ambazo h haikuziona. Ndiyo maana programu nyingi huongeza 2 kwa kila kipande kinacholazimika kutoka kwenye mstari wake kwa namna hii. Makadirio yanakaribia ukweli bila kuuzidi.

Bila nyongeza hiyo, mpangilio uliovurugwa ovyo una h ya mwanzo ya wastani wa karibu 37, huku jibu lake likiwa karibu 53. Pengo ni 16. Kompyuta haina budi kuchunguza kila mpangilio wenye f ya 37, kisha ya 39, kisha ya 41, na kuendelea hivyo hadi ifikie jibu. Na kila f inapopanda kwa 2, mipangilio ya kuchunguza inakuwa zaidi ya mara nne ya ile ya kabla. Mfano wetu wa hatua nne ulikwenda kwa raha kwa sababu pengo lilikuwa sifuri.

Kinachoisha kwanza, kwa hiyo, si muda bali kumbukumbu ya kompyuta. A* hukumbuka kila mpangilio iliokutana nao. Mpangilio mmoja unaweza kubanwa ndani ya baiti 8, lakini programu iliyoandikwa bila kubana, inayohifadhi orodha ya nambari 16 pamoja na g na njia ya kurudi, hutumia mamia ya baiti kwa mpangilio mmoja. Kwa baiti 200, mipangilio milioni 100 inahitaji gigabaiti 20. Dalili yake ni programu inayokwenda vizuri, kisha inapungua kasi ghafla, kisha inafungwa na mfumo wa kompyuta.

Mwaka 1985 Richard Korf alionyesha njia ya kulikwepa hilo. Programu inawekewa kikomo, kwanza kilicho sawa na h ya mwanzo. Inafuata njia moja mpaka f ipite kikomo, inarudi nyuma na kujaribu njia nyingine, ikikumbuka tu njia iliyo juu yake kwa wakati huo. Isipofika, kikomo kinaongezwa kwa 2 na kazi inaanza upya. Inaonekana kama upotevu, lakini kwa kuwa kila duru ni kubwa zaidi ya mara nne ya iliyotangulia, duru zote za nyuma kwa pamoja hazifiki theluthi ya ile ya mwisho. Kwa njia hiyo, inayoitwa IDA*, Korf alitatua mipangilio 100 iliyovurugwa ovyo, na akapata njia fupi kuliko zote kwa kila mmoja.

Ukaguzi wa kabla ya kuanza

Kuna mpangilio mmoja ambao si A* wala IDA* itakaoumaliza. Sam Loyd, mtunzi mashuhuri wa mafumbo aliyedai kwa uongo kwamba mchezo huu ni wake, alitangaza dola 1,000 kwa atakayeutatua: kila kitu kiko mahali pake, isipokuwa 14 na 15 zimebadilishana. Umbali wa Manhattan unasema h ni 2. Programu itaanza kwa matumaini, kisha itachunguza bila kufika popote, kwa sababu nusu ya mipangilio yote ya vipande hivi haifikiki kutoka nusu nyingine. Hilo lilikwisha kuthibitishwa kihesabu mwaka 1879.

Kwa hiyo kagua kwanza. Soma nambari kuanzia juu kushoto, ukiruka nafasi tupu, na uhesabu kila jozi ambayo nambari kubwa imetangulia ndogo. Ongeza nambari ya mstari wenye nafasi tupu, ukihesabu kutoka chini. Jumla ikiwa witiri, mpangilio unatatulika. Ikiwa shufwa, hautatuliki. Katika mfano wetu, 8, 9 na 10 zimeitangulia 7, na 13, 14 na 15 zimeitangulia 12, hivyo jozi ni sita. Nafasi tupu iko mstari wa tatu kutoka chini. Jumla ni 9, witiri. Kwa Loyd jozi ni moja na mstari ni wa kwanza: jumla ni 2, na hizo dola 1,000 hazikuwa hatarini hata siku moja.