Mzigo Uliododa Hauonekani Kwenye Mauzo

Mwenye duka la spea za bodaboda akitaka kujua mtaji wake umekwama wapi, hufungua daftari la oda. Humo atakuta kila kilichouzwa. Kilichododa hatakikuta, kwa kuwa kisichouzwa hakiandikwi. Kwa hiyo hesabu ianzie stoo: orodhesha kila kilichopo, kisha ujaze kiasi kilichouzwa miezi 12 iliyopita na tarehe ya oda ya mwisho. Kisichokuwa na oda kiandikie sifuri.

Sasa panga makundi ya A, B na C. Zidisha idadi iliyouzwa kwa bei ya kununulia, panga kuanzia kubwa kwenda ndogo, ujumlishe ukishuka. Kwa desturi, bidhaa zinazofikisha takriban asilimia 80 ya jumla ni A, zinazofuata hadi 95 ni B, na zilizobaki ni C.

Tuseme jumla ya mwaka ni shilingi milioni 30. Tairi 300 za shilingi 45,000 ni milioni 13.5, na seti 400 za cheni za 25,000 ni milioni 10. Hizo mbili peke yake ni asilimia 78, yaani A. Pedi za breki, milioni 3.6, zinafikisha 90, nazo ni B. Plagi, taa za mbele na vioo vya pembeni vinaangukia C. Kabureta 20 za pikipiki ya toleo la zamani zina sifuri.

Wengi hukosea hapa kwa kudhani kila C imedoda. Herufi hupima fedha, haipimi kasi. Ili kujua kasi, gawa mzigo uliopo kwa wastani wa mauzo ya mwezi. Plagi huuzwa kama 67 kwa mwezi. Zikiwepo 130 zitaisha baada ya miezi miwili, basi ziagizwe kama kawaida. Taa huuzwa 30 kwa mwaka, na stoo zipo 90. Huo ni mzigo wa miaka 3: usiagize tena, punguza bei. Kabureta zilizonunuliwa kwa 60,000 kila moja zimelaza milioni 1.2. Msambazaji akikataa kuzipokea, wauzie mafundi hata kwa hasara. Ila hakikisha kwanza kuwa bidhaa haikuingia juzi tu, wala haikukosekana stoo muda mrefu.

Kundi A nalo likaguliwe kwa kuhesabu oda. Huenda tairi 240 kati ya zile 300 zilichukuliwa na mteja mmoja kwa mkupuo. Wengine wote wamenunua 60, yaani 5 kwa mwezi. Ukifuata wastani wa 25 na kuagiza hivyo kila mwezi, baada ya miezi 6 utabaki na tairi 120 za ziada. Hizo ni shilingi milioni 5.4, zaidi ya mara nne ya fedha zilizolala kwenye kabureta.