Faili la MB 7 Lililokataliwa kwa Kuzidi MB 10

Tuseme katibu wa chama cha ushirika ana ripoti ya ukaguzi ya kurasa arobaini, zote zimepitishwa kwenye skana na kuwekwa ndani ya PDF moja. Anaangalia sifa za faili kwenye Windows na kusoma MB 7.43, na pembeni idadi kamili: baiti 7,800,000. Ofisi anayoipelekea imetangaza kwamba barua pepe isizidi MB 10. Anaandika salamu, anaambatisha, anatuma. Baada ya dakika chache inaingia barua kutoka kwa mtu asiyemfahamu, MAILER-DAEMON, na katikati ya Kiingereza kingi kuna mstari huu:

```
message size 10675932 exceeds size limit 10240000
of server mail.ofisi.example
```

Katibu anaapa kwamba faili lake halifiki hata MB 8, na fundi wa ofisi ile naye anaapa kwamba seva yake inapokea MB 10. Wote wawili wanasema kweli. Wanachopishana ni kitu kinachopimwa: katibu amepima faili, seva imepima barua nzima jinsi inavyosafiri. Ni kama lori kwenye mizani ya barabarani, ambalo halipimwi shehena peke yake bali pamoja na bodi lake.

Kilichoongeza karibu baiti milioni tatu ni deni la zamani. Kanuni za kupelekeana barua pepe, SMTP, ziliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, wakati barua ilikuwa maandishi tu ya Kiingereza. Kanuni hizo ziliruhusu herufi za kawaida za kompyuta za wakati ule, ambazo kila moja hutosha kwenye biti saba, na mstari usiozidi herufi elfu moja. PDF haifuati lolote kati ya hayo. Ndani yake kila baiti ina biti nane zenye thamani yoyote ile, na hakuna mistari ya kueleweka. Seva ya zamani ingekata biti ya nane au kuvunja mistari isivyo, na faili lingefika limeharibika.

Dawa ilipatikana mwaka 1992. Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa kanuni iitwayo MIME, na tarehe 11 Machi mwaka huo Borenstein alituma barua yenye picha na sauti ya kikundi chake cha uimbaji. Hawakuzigusa seva zilizokuwa zimetapakaa duniani. Walichofanya ni kulivisha faili nguo ya maandishi ili lipite bila kushtukiwa. Nguo hiyo inaitwa Base64, na ndiyo inayovaliwa mpaka leo na karibu kila PDF, picha na jedwali linalopita kwenye barua pepe.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua baiti tatu za faili, ambazo ni biti 24. Zigawe katika mafungu manne ya biti sita sita. Biti sita zinaweza kuwa na thamani 64 tofauti, kwa hiyo kila fungu linapewa herufi moja kati ya 64: herufi kubwa 26, ndogo 26, tarakimu kumi, na alama + na /. Baiti tatu zimekuwa herufi nne. Hapo tayari faili limekua kwa theluthi moja.

Ukitaka kuiona kwa macho, fungua barua yenye PDF kwenye Gmail ukitumia kompyuta, kisha kwenye menyu ya barua hiyo chagua kuona chanzo chake. Utakuta mamia au maelfu ya mistari ya herufi zisizosomeka. PDF huanza na alama `%PDF-`, na hapo utaikuta imegeuka kuwa `JVBERi0`. Picha ya JPEG huanza na `/9j/`. Ukishayazoea hayo mawili, unatambua aina ya kiambatisho kabla hata hujakifungua.

Angalia pia urefu wa mistari. Kila mmoja una herufi 76, na mwishoni mwake kuna alama mbili zisizoonekana za kufunga mstari. Nazo zinahesabiwa. Kwa faili la katibu, baiti 7,800,000 zinageuka herufi 10,400,000. Herufi hizo zinajaza mistari 136,843, na alama za kufunga mistari zinaongeza baiti 273,686. Jumla ni 10,673,686. Weka juu yake anwani, tarehe, salamu na mipaka ya sehemu za barua, kama baiti elfu mbili na ushei, unapata ile 10,675,932 iliyotajwa kwenye barua ya kukataliwa. Kwa ufupi, kila faili linakua karibu mara 1.37.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini deni la mwaka 1982 bado linalipwa wakati seva za leo zinapitisha biti nane bila shida. Ni kweli zinapitisha. Nyingi hutangaza uwezo huo kwa neno `8BITMIME`. Lakini ruhusa hiyo inahusu maandishi, na sharti la mistari mifupi liko palepale, kwa hiyo PDF bado haiwezi kupita uchi. Ipo kanuni nyingine, ya mwaka 2000, inayoruhusu faili kusafiri jinsi lilivyo, ila kila seva njiani lazima ikubali. Ikikataa moja tu, barua inabidi ivishwe Base64 papo hapo au irudishwe. Mwandishi wa programu ya barua akikabiliwa na uchaguzi huo huchagua nguo tangu mwanzo, na mimi simlaumu.

Sasa, njiani kuna nani? Barua ya katibu haitoki kwenye kompyuta yake na kuangukia kwenye kisanduku cha ofisi moja kwa moja. Kwanza inapokelewa na seva ya kutumia, ya kampuni inayompa huduma ya barua. Hiyo inaipeleka kwenye seva ya mbele ya ofisi, ambayo mara nyingi kazi yake ni kuchuja virusi na barua taka tu. Ya mbele inaikabidhi seva ya ndani yenye visanduku vya wafanyakazi. Ikiwa anwani ile imewekwa ielekeze barua kwingine, kuna kituo cha nne. Kila kituo kina kikomo chake, kilichowekwa na fundi wake, pengine miaka mingi iliyopita. Kinachotawala ni kikomo kidogo kuliko vyote.

Seva zinapokutana husalimiana, na kwenye salamu hizo anayepokea hutaja kikomo chake:

```
EHLO mail.ushirika.example
250-mail.ofisi.example
250-SIZE 10240000
250 8BITMIME
```

Namba hiyo ya 10240000 utaiona mara nyingi. Ndicho kikomo ambacho programu ya seva iitwayo Postfix huja nacho ikiwa fundi hajabadilisha kitu. Si milioni kumi kamili, wala si MB 10 kwa hesabu ya Windows, ambayo ni baiti 10,485,760. Ni 10,000 mara 1,024, mseto wa hesabu mbili. Fundi anayewaambia watu "MB 10" anapunja au kuzidisha kidogo bila kujua, lakini kosa hilo ni dogo. Kosa kubwa ni kusahau nguo. Ukigawa 10,240,000 kwa 1.37 unapata kama baiti milioni 7.47. Faili la katibu lilizidi hapo kwa baiti laki tatu na kitu.

Mahali ilipokataliwa barua hujulikana kwa namna ilivyokataliwa. Kama programu yako ya barua imegoma palepale kabla haijaondoka, kikomo ni cha seva yako mwenyewe. Kama umepata barua ya MAILER-DAEMON baadaye, tazama jina la seva lililotajwa. Likiwa la ofisi uliyoiandikia, kikomo ni chao. Likiwa jina usilolijua kabisa, pamoja na anwani ambayo hukuiandika, barua yako ilipokelewa vizuri kisha ikaelekezwa kwingine na kukwama huko. Huyo mwenye kisanduku ndiye wa kuambiwa, kwa sababu yeye mwenyewe hajui kwamba barua zake kubwa hazimfikii.

Soma na namba. Kikomo cha ukubwa kwa kawaida huja na 552, lakini 552 hutumika pia kisanduku kikiwa kimejaa. Tofauti inaonekana kwenye namba ya pili yenye nukta: 5.3.4 maana yake barua ni kubwa kuliko seva inavyokubali, 5.2.3 ni kubwa kuliko kiwango alichopangiwa mpokeaji, na 5.2.2 ni kwamba kisanduku chake kimejaa. Ukiona 5.2.2, kupunguza faili ni kupoteza muda. Mpigie simu afute barua za zamani.

Watu wengi wakikataliwa hukimbilia zip. Kwa kurasa zilizoskaniwa haisaidii sana, maana picha zilizomo ndani ya PDF zimekwisha kubanwa, na hata faili la docx lenyewe ni zip iliyobadilishwa jina. Dawa iko kwenye skana. Ukishuka kutoka nukta 600 kwa inchi hadi 200, idadi ya nukta za ukurasa inapungua mara tisa, na maandishi ya ripoti bado yanasomeka vizuri. Ukiacha rangi ukatumia kijivu, unapunguza zaidi. Kama haiwezekani kuskani upya, igawe PDF mara mbili na utume barua mbili. Kuzigawa kisha kuziambatisha zote kwenye barua moja hakubadilishi chochote, kwa sababu kikomo ni cha barua, si cha kiambatisho. Kwa barua hiyohiyo, nembo na picha zilizo chini ya sahihi yako nazo zimevaa Base64 na zinahesabiwa.

Kwa fundi mwenye seva ya Postfix, kikomo kinasomwa na kubadilishwa hivi:

```
postconf message_size_limit
postconf -e message_size_limit=35000000
```

Baada ya hapo pakia upya Postfix, na hakikisha `mailbox_size_limit`, ambayo huja ikiwa 51200000, haipungui namba uliyoweka, la sivyo barua zitaanza kukwama kwenye kuwekwa kisandukuni. Ikiwa mbele yako kuna seva ya kuchuja, kipandishe na huko. Kupandisha kwa ndani peke yake hakufungui mlango wa nje.

Na wanaoandika matangazo ya zabuni, ajira na maombi ya ufadhili, andikeni ukubwa wa faili ambalo mwombaji analiona kwenye kompyuta yake, si namba iliyo kwenye seva yenu. Kama seva inakubali MB 10, andikeni kwamba viambatisho vyote kwa pamoja visizidi MB 7. Kama ni 25, andikeni 18.